Boriti ya mbao chini ya magunia ya mahindi: kukokotoa mkazo wa kupinda na mkazo wa kukata

Shemeji yangu ana stoo ya mahindi Kiborloni, upande wa juu wa Moshi mjini. Ndani ya stoo kuna dari la mbao alilojengewa ili apandishe magunia juu na sakafu ibaki kwa ajili ya biashara. Baada ya mavuno alilipanga safu moja ya magunia, na safari hii alitaka kupanga safu mbili. Aliniita nikaangalie. Nilipofunga uzi wa fundi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti moja, katikati boriti ilikuwa imeshuka karibu sentimita mbili chini ya uzi.

"Shemeji, si imekaa miezi mingi haijavunjika?" akasema. Fundi aliyekuja naye akaongeza kwamba mbili kwa sita ya paina ni mbao ngumu, hata gari inabeba.

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kubishana. Linajibiwa kwa tepu, kalamu na kikokotoo cha simu, na hesabu yake haizidi ukurasa mmoja. Nitaifuata hapa hatua kwa hatua kwa dari lile lile. Neno "boriti" nitalitumia kwa zile mbao zinazobeba sakafu moja kwa moja, na "mhimili" kwa mbao nene inayobeba boriti zenyewe. Kanuni zake ni zile zile.

Hatua ya kwanza: pima, usiamini jina

Mbao inayoitwa mbili kwa sita ingepaswa kuwa na unene wa milimita 51 na kimo cha milimita 152. Nilipozipima za shemeji katika sehemu tatu tatu, nikapata wastani wa 45 kwa 145. Msumeno unakula, mbao ikikauka inanywea, na za cheinso ndiyo kabisa, huku nene na kule nyembamba. Usipuuze tofauti hiyo. Ukikokotoa kwa vipimo vya jina, mbao itaonekana ina uwezo wa kuhimili kupinda kwa robo nzima zaidi ya uwezo wake halisi, kwa sababu kimo, kama tutakavyoona, kinaingia kwenye hesabu mara mbili. Mbao ikitofautiana, chukua kipimo kidogo.

Upana, yaani ule unene wa milimita 45, tuuite b. Kimo cha kusimama, milimita 145, tukiite d.

Kisha pima urefu wa kuning'inia. Ukuta hadi ukuta, ndani kwa ndani, ulikuwa mita 3.0. Kila ncha ya boriti imelala juu ya ukuta kwa milimita 100. Kwa hesabu tunachukua kutoka katikati ya malalio ya upande mmoja hadi katikati ya malalio ya upande wa pili, kwa hiyo L ni milimita 3100. Boriti zilikuwa zimepangwa kila baada ya milimita 600, kati kwa kati.

Hatua ya pili: geuza magunia kuwa mzigo wa mstari

Gunia la kilo 100 likilazwa linachukua takriban mita 1.0 kwa mita 0.6, yaani mita za mraba 0.6. Safu mbili ni kilo 200 juu ya eneo hilo, sawa na kilo 333 kwa kila mita ya mraba. Ongeza mbao za sakafu za inchi moja, kama kilo 13 kwa mita ya mraba. Jumla ni kilo 346.

Kila boriti inabeba ukanda wake wa sakafu, nusu ya nafasi ya kushoto na nusu ya nafasi ya kulia. Upana wa ukanda huo ni milimita 600. Basi kila mita ya boriti inabeba 346 × 0.6, kama kilo 208, na uzito wa boriti yenyewe ni kilo 3 kwa mita. Jumla kilo 211 kwa mita.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kilo ni kipimo cha tungamo, na mkazo ni kani inayobebwa na kila milimita ya mraba ya mbao, nayo kani inahesabiwa kwa nyutoni. Zidisha kwa 9.81 na utapata nyutoni 2070 kwa mita. Sasa badilisha mita kuwa milimita, na utapata nyutoni 2.07 kwa kila milimita ya boriti. Hiyo ndiyo w. Tangu hapa hadi mwisho, kila kitu kiwe kwa nyutoni na milimita, bila kuchanganya. Ukisahau 9.81, jibu litakuwa dogo karibu mara kumi na utafurahi bure. Ukichanganya mita na milimita, jibu litakosea kwa maelfu, na hilo angalau linaonekana.

Na kama magunia ni lumbesa, usihesabu kilo 100. Sheria inakataza kuzidisha hapo, lakini boriti haijui sheria. Weka moja kwenye mizani kwanza. Ya shemeji yalikuwa ya kilo 100 kweli.

Hatua ya tatu: momenti na kani ya kukata

Boriti iliyolala juu ya kuta mbili na kubebeshwa mzigo uliosambaa sawasawa inapindwa zaidi katikati, na inakatwa zaidi kwenye ncha, pale inapogusa ukuta. Mambo haya mawili hutokea sehemu mbili tofauti, ndiyo maana tunayakokotoa kila moja peke yake.

```
M = w × L² / 8
V = w × L / 2
```

M ni momenti ya kupinda, ile nguvu ya kutaka kuikunja boriti kama fimbo juu ya goti. V ni kani ya kukata, na kwenye ncha ni sawa na nusu ya mzigo wote, kwa kuwa kila ukuta unapokea nusu.

Kwa dari letu M ni 2.07 × 3100 × 3100 ÷ 8, karibu nyutoni-milimita 2,487,000. Tarakimu zisikutishe, milimita ni ndogo na namba zake huwa ndefu. V ni 2.07 × 3100 ÷ 2, karibu nyutoni 3209.

Hatua ya nne: mkazo wa kupinda

Boriti inapopinda kwenda chini, nyuzi za juu zinabanwa na nyuzi za chini zinavutwa. Katikati ya kimo kuna mstari ambao haubanwi wala hauvutwi. Mkazo unaongezeka kadiri unavyotoka kwenye mstari huo, na mkubwa kabisa uko kwenye uso wa juu na uso wa chini. Umbo la mstatili lina kipimo chake cha kuhimili kupinda, tukiite Z:

```
Z = b × d² / 6
mkazo wa kupinda = M / Z
```

Z ya mbao yetu ni 45 × 145 × 145 ÷ 6, karibu 157,700. Gawanya 2,487,000 kwa 157,700. Jibu ni nyutoni 15.8 kwa milimita ya mraba.

Tazama jinsi d inavyojizidisha yenyewe. Mbao hiyo hiyo ukiilaza badala ya kuisimamisha, b inakuwa 145 na d inakuwa 45, na Z inashuka hadi karibu 48,900. Mkazo unapanda zaidi ya mara tatu, hadi karibu 51. Nimewahi kuona jukwaa la tangi la maji ambalo fundi alilaza mbao zote "ili zikae vizuri". Zilikaa vizuri mpaka siku tangi lilipojaa.

Hatua ya tano: mkazo wa kukata, ambao mafundi wengi hawaujui

Chukua mbao tano nyembamba, zipange moja juu ya nyingine, uziegemeze ncha mbili na ukae katikati. Zitapinda, na ukitazama ncha zake utaona kila moja imeteleza juu ya mwenzake. Boriti nzima haiteleziki kwa sababu nyuzi zake zimeshikana. Huo ushikaji ndio unaobeba mkazo wa kukata, na unafanya kazi kulalia, kufuata nyuzi, mahali ambapo mbao ni dhaifu sana. Kukata boriti wima, kuvuka nyuzi, ni kazi kubwa. Kuipasua kufuata nyuzi unahitaji shoka dogo tu.

Mhandisi Mrusi Dmitri Zhuravski aliligundua hilo katika karne ya 19, alipokuwa akishughulikia madaraja ya mbao ya reli ya kutoka Sankt Peterburg hadi Moscow. Aliona mihimili ikipasuka kwa urefu badala ya kuvunjika katikati, akakaa kutafuta hesabu yake. Kwa umbo la mstatili hesabu hiyo inaishia kwa ufupi huu:

```
mkazo wa kukata = 1.5 × V / (b × d)
```

Hiyo 1.5 inatokana na kwamba mkazo haujasambaa sawa. Juu na chini kabisa ya mbao ni sifuri, na katikati ya kimo ndiko ulikofikia kilele, mara moja na nusu ya wastani. Umekaa kinyume kabisa na ule wa kupinda.

Eneo la mkato wa mbao yetu ni 45 × 145, yaani milimita za mraba 6525. Basi 1.5 × 3209 ÷ 6525 ni nyutoni 0.74 kwa milimita ya mraba.

Hakiki kabla ya kuendelea

Kuna ujanja mmoja ambao sijui kwa nini haufundishwi mapema. Kwa boriti ya mstatili yenye mzigo uliosambaa juu ya malalio mawili, ukigawanya mkazo wa kupinda kwa mkazo wa kukata, herufi zote nyingine zinafutika na unabaki na L gawanya kwa d. Jaribu: 15.8 ÷ 0.74 ni karibu 21.4, na 3100 ÷ 145 ni 21.4. Zisipolingana, umekosea mahali na urudi nyuma. Kwa mzigo mmoja mzito uliowekwa katikati, uwiano unakuwa mara mbili ya L kwa d.

Ujanja huo una faida ya pili, nao unatuleta kwenye vikomo.

Hatua ya sita: linganisha na kikomo

Mkazo peke yake ni namba tu mpaka ujue mbao inaruhusiwa kiasi gani. Nilifundishwa kwa jedwali la Uingereza la BS 5268, ambalo kwao limeshaliachia nafasi la Ulaya, lakini kwa hesabu ya mkono bado ni jepesi. Jedwali hilo linazipanga mbao laini kwa madaraja. Daraja la C16 linaruhusiwa mkazo wa kupinda wa 5.3 na wa kukata wa 0.67. Daraja la C14 linaruhusiwa 4.1 na 0.60. Vyote ni nyutoni kwa milimita ya mraba, kwa mzigo unaokaa muda mrefu, kama magunia.

Paina na sipresi tunazouziwa, ziwe zimetoka misitu ya kupandwa ya Kilimanjaro Magharibi au ya Meru, nyingi hazina mhuri wa daraja. Kwa hiyo ninachukua C14. Jedwali lina nyongeza ndogo kwa mbao za kimo kifupi na kwa boriti zilizopangwa karibu karibu, nami siziingizi. Naziacha zifidie vifundo nisivyoviona.

Sasa rudi kwa shemeji. Mkazo wa kupinda wa 15.8 dhidi ya 4.1 ni karibu mara nne. Mkazo wa kukata wa 0.74 dhidi ya 0.60 nao umezidi, ila kidogo. Hata ile safu moja iliyokuwepo, ambayo kwa hesabu ni kilo 111 tu kwa mita, ilikuwa inaleta mkazo wa kupinda wa 8.3, mara mbili ya kikomo.

Mbona basi haikuvunjika? Kwa sababu kikomo cha jedwali kiko mbali chini ya mkazo wa kuvunjika. Kipande safi cha paina, kikavu, bila kifundo, huvunjika kwa mkazo wa mara kadhaa zaidi. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya kifundo kilicho upande wa chini, kwa ajili ya mbao iliyofungwa ikiwa mbichi, na kwa ajili ya miaka, maana mbao inayobeba mzigo mwaka mzima huchoka kuliko ile inayobeba siku moja. Boriti ya shemeji ilikuwa inaila nafasi hiyo, na ule ushukaji wa sentimita mbili ndio ushahidi.

Gawanya sasa kikomo cha kupinda kwa kikomo cha kukata: 4.1 ÷ 0.60 ni karibu 7. Hapo ndipo ujanja wa L kwa d unapozaa. Boriti yako iliyolala juu ya malalio mawili tu ikiwa na L zaidi ya mara saba ya d, kupinda ndiko kutakakoishinda kwanza. Ikiwa fupi kuliko hapo, kukata ndiko kutakakotangulia. Ya shemeji ni mara 21, kwa hiyo tatizo lake ni kupinda, wala hakuna haja ya kuhangaika na ncha kwanza.

Hatua ya saba: rekebisha, kisha kokotoa upya

Wazo la fundi lilikuwa kuongeza boriti katikati ya kila mbili, nafasi iwe milimita 300. Hilo linagawa mzigo nusu, na mkazo unashuka nusu, hadi karibu 7.9. Bado haitoshi. Mbao ameongeza mara mbili na dari linabaki juu ya kikomo.

Urefu ndio wenye nguvu, kwa sababu kwenye M umejizidisha wenyewe. Ukiukata nusu, momenti inashuka mara nne. Nikapendekeza mhimili mmoja upite katikati ya stoo chini ya boriti zote, ukibebwa na nguzo. L ya boriti inakuwa 1550. Boriti zenyewe haziguswi, zinabaki vipande vizima vinavyopita juu ya mhimili.

Boriti inayopita juu ya malalio matatu haipindi kama mwanzo. Juu ya mhimili inapinda kinyume, nyuzi za juu ndizo zinazovutwa. Ukubwa wa momenti hapo kwa bahati nzuri ni ule ule wa kanuni yetu, w × L² ÷ 8 kwa L ya nusu, karibu 621,700. Gawanya kwa Z: mkazo ni 3.9, chini ya 4.1. Kani ya kukata ndiyo inayobadilika, kwani kando ya mhimili si nusu ya mzigo wa upande mmoja tena, ni tano ya nane. Hiyo ni 0.625 × 2.07 × 1550, nyutoni 2005. Mkazo wa kukata unakuwa 0.46. Boriti zimepita.

Nilimpima pia mpagazi. Mtu wa kilo 70 mwenye gunia la kilo 100 akisimama katikati ya nafasi iliyo tupu ni nyutoni 1668 mahali pamoja. Kwa mzigo wa namna hiyo momenti ni P × L ÷ 4, kama 646,000, na mkazo ni 4.1. Yuko kwenye kikomo chenyewe, ila ni mzigo wa dakika, na jedwali linaruhusu mzigo wa muda mfupi kupita kikomo hicho kwa nusu yake. Hana shida.

Mhimili: mfupi, mzito, na hapa ncha ndizo za kuogopa

Kazi haijaisha, kwa sababu mzigo tulioutoa kwenye boriti umehamia kwenye mhimili. Boriti inayopita juu ya malalio matatu huutupia mhimili wa katikati zaidi ya nusu ya mzigo wake: 1.25 × 2.07 × 1550, karibu nyutoni 4010 kwa kila boriti. Zimekaa kila milimita 600, kwa hiyo mhimili unapokea kama nyutoni 6.75 kwa milimita ukijumlisha uzito wake. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mzigo wa boriti moja.

Stoo kwa urefu ni karibu mita 3.6, kati kwa kati ya malalio. Tukaweka nguzo mbili, nafasi tatu za milimita 1200. Mhimili ni mbao mbili za mbili kwa sita, za futi 12, zilizosimamishwa na kupigiliwa misumari pamoja. b ni 90, d ni 145.

Tukiuchukulia kwanza kama vipande vitatu vilivyokatwa juu ya nguzo: M ni 6.75 × 1200² ÷ 8, yaani 1,215,000. Z ni mara mbili ya ile ya mwanzo, 315,400. Mkazo wa kupinda 3.85. V ni 4050, mkazo wa kukata 0.47. Hakiki: 1200 ÷ 145 ni 8.3, na 3.85 ÷ 0.47 inakaribia hapo hapo. Yote miwili iko chini ya kikomo.

Lakini mhimili haukukatwa, mbao za futi 12 zimepita moja kwa moja juu ya nguzo zote mbili. Hilo linapunguza momenti kubwa kabisa hadi w × L² ÷ 10, na mkazo wa kupinda unashuka hadi 3.1. Watu huishia hapo wakifurahi. Kani ya kukata inapanda, kando ya nguzo inakuwa 0.6 × w × L, nyutoni 4860, na mkazo wa kukata unafika 0.56. Kikomo ni 0.60. Mhimili huu, tofauti na boriti, ukielemewa utapasuka kwa urefu, sio kuvunjika katikati.

Kwa sababu hiyo nilikataa mbao moja nzuri kwa macho iliyokuwa na ufa unaofuata nyuzi kwenye kimo cha katikati, urefu wa kiganja na nusu kutoka nchani. Kwa kupinda, ufa huo ungekuwa na madhara madogo. Kwa kukata, upo pale pale mkazo ulipo kileleni, na pale kushikana kwa nyuzi kumeshavunjika. Kinyume chake, kifundo kikubwa kilicho katikati ya kimo hakikunisumbua. Ambacho hutaki ni kifundo kwenye ukingo wa chini, katikati ya nafasi.

Halafu fundi akataka kuchonga. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umepanda kidogo, naye akapanga kukata pembe ya chini ya ncha ya mhimili, milimita 45, ili ukae sawa. Hapo mbao inabaki na kimo cha milimita 100 kwenye malalio, na watu hudhani imepungua theluthi moja tu. Kwa mchongo wa upande wa chini, kanuni inazidisha adhabu mara mbili: eneo limepungua, na tena kikomo chenyewe kinashushwa kwa uwiano wa kimo kilichobaki kwa kimo kizima, kwa kuwa kwenye kona ya mchongo mkazo unajikusanya na kuvuta nyuzi ziachane. Kwa ncha ya ukutani V ni 0.4 × w × L, nyutoni 3240. Bila mchongo mkazo ni 0.37. Ukichonga, ni 1.5 × 3240 ÷ (90 × 100), kisha mara 145 ÷ 100, sawa na 0.78. Mhimili uliokuwa na nafasi ya kutosha umepita kikomo kwa msumeno wa dakika mbili.

"Sasa nifanyeje, kaka, ukuta ndio umepanda hivyo," akasema.

Tukachimba ukuta. Tofali la juu likashushwa, mhimili ukalala mzima juu ya kitanda cha saruji, na upande wa chini haukuguswa. Chini ya nguzo tuliweka msingi wa zege, maana kila moja inashusha karibu tani moja ardhini, na vumbi la Kiborloni likilowa halibebi kiasi hicho kwa kigingi kilichochomekwa tu.

Kabla ya kufunga mhimili, magunia yote yalishushwa na boriti zikainuliwa kwa jeki mpaka zikagusa uzi, kwa sababu boriti iliyoshuka ukiiwekea mhimili chini bila kuinyoosha inabaki na pinda lake. Magunia yakarudi, safu mbili kama alivyotaka. Wiki ya tatu nilipita tena na uzi. Chini ya boriti ile ile ya mwanzo, kidole kilikuwa hakipiti kati ya uzi na mbao. Kwenye mhimili, nilipita na tochi kwenye kila ncha na kando ya kila nguzo nikitafuta ufa unaofuata nyuzi, na nilichokuta ni nyufa nyembamba za kukauka zilizo juu juu, hakuna iliyopenya unene wa mbao. Shemeji amechora mstari wa chaki ukutani kwenye kimo cha safu ya pili, na mpagazi haruhusiwi kupanga juu yake.